Foleni ya moyo wa mtoto isipangwe kwa tarehe ya rufaa

Kliniki ya moyo wa watoto huwa na orodha mbili. Ya kwanza ni ya watoto waliokwisha kupangiwa siku. Ya pili ni rundo la barua za rufaa kutoka vituo vya afya na hospitali za wilaya na mikoa, za watoto ambao hakuna daktari bingwa aliyewahi kuwaona. Kwenye ile ya kwanza makosa huonekana mapema, kwa sababu mtoto yupo mbele yako. Kwenye ya pili makosa hayaonekani, kwa kuwa mtoto yuko nyumbani Kibondo au Tunduru na barua yake iko kwenye faili. Hiyo ya pili ndiyo inayonishughulisha hapa, kwa sababu naamini tunaipanga vibaya.

Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, takribani 8 huwa na kasoro ya moyo. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, kwa hiyo kila mwaka wanaongezeka watoto zaidi ya 16,000 wa namna hiyo. Si wote watakaofika kwenye upasuaji, maana matundu madogo mengi huziba yenyewe. Lakini mtu wa kusema tundu hili ni dogo na lile ni kubwa ni yule anayejua kuusoma moyo wa mtoto kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayochukuliwa kwa mawimbi ya sauti, na watu hao ni wachache. Upasuaji wenyewe umekusanyika zaidi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Juu ya hao wapo watoto wengi wenye moyo mzima kabisa ambao daktari alisikia sauti ya ziada kifuani, akaandika rufaa kwa tahadhari. Alifanya sawa. Ila barua yake inaingia kwenye rundo lile lile.

Sasa nani aitwe kwanza? Jibu la kawaida ni tarehe: barua iliyotangulia kufika itangulie kufunguliwa. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito, na siipuuzi. Tarehe haina shangazi wizarani. Ukishaanza kusema huyu apite na yule asubiri, unafungua mlango kwa simu za wakubwa na kwa mzazi mwenye sauti kuliko wenzake, na anayeumia ni mama wa kijijini asiyemjua mtu. Nchi yetu inajua vizuri kitu kinachoitwa kujuana. Mtu akiniambia tarehe ni kinga ya maskini, naelewa anakotoka.

Tatizo ni kwamba magonjwa ya moyo ya watoto hayaendi kwa kalenda ya masjala. Kila kasoro ina umri wake wa kutibiwa, na umri huo ukipita, wakati mwingine hakuna tiba inayoweza kuurudisha. Tundu la kwenye ukuta wa vyumba vya juu vya moyo, kwa mfano, mara nyingi linaweza kusubiri mpaka mtoto afike miaka mitatu, minne au mitano bila kumdhuru. Tundu kubwa la kwenye ukuta wa vyumba vya chini lina miezi tu. Mishipa mikubwa miwili ikiota mahali pasipo pake, ule wa mwili ukatokea upande wa kulia na ule wa mapafu upande wa kushoto, una wiki mbili au tatu za mwanzo wa maisha, maana baada ya hapo chumba cha kushoto kinazoea kazi nyepesi na hakitaweza tena kusukuma damu ya mwili mzima. Ukiwapanga watoto hawa watatu kwa tarehe za barua zao, umeamua kwa bahati nasibu nani apone.

Njia ya pili inayotumika ni kumtazama mtoto: anayeonekana mgonjwa zaidi apite. Hii ni bora kuliko tarehe, na kwa dharura nyingi za watoto ndiyo sahihi. Lakini kwenye moyo ina mtego, nao unahitaji kuelezwa taratibu.

Chukua tundu kubwa kwenye ukuta wa chini. Mtoto anapozaliwa, mishipa ya mapafu yake bado imebana, kwa hiyo damu haikimbilii huko kwa wingi, na mtoto anaonekana mzima. Anaruhusiwa kwenda nyumbani. Katika wiki za mwanzo mishipa hiyo inalegea, kama inavyopaswa, na hapo damu ya upande wa kushoto inaanza kumwagika kupitia tundu kuelekea mapafuni. Kati ya wiki ya nne na ya nane mama anaona mabadiliko. Mtoto ananyonya kidogo, anaacha, anahema, anaanza tena. Paji la uso linalowa jasho akiwa kifuani. Uzito kwenye kadi ya kliniki unalala, mstari unaenda upande badala ya kupanda. Anapata nimonia, anatibiwa, anapata tena. Huyu kila mtu anaona ni mgonjwa, na rufaa yake inaandikwa.

Kisha anasubiri. Mapafu yanayopokea damu nyingi kwa msukumo mkubwa hayakai hivyo hivyo. Kuta za mishipa yake midogo zinanenepa, njia inakuwa nyembamba, na damu inayoingia inapungua. Na hapo, mwezi wa tisa, wa kumi au wa kumi na mbili, jambo la ajabu linatokea: mtoto anapata nafuu. Kuhema kunapungua, anamaliza kunyonya, anaongezeka uzito. Nyumbani wanashukuru. Kwenye kituo cha afya nesi anaandika kwa nia njema kwamba hali imeimarika. Mtu anayepanga orodha kwa kuangalia nani mgonjwa zaidi anamshusha chini.

Nafuu hiyo ni ya uongo. Kilichopungua ni damu inayoingia mapafuni, kwa sababu mapafu yanajifunga. Yakiendelea kujifunga, siku moja msukumo wa upande wa kulia unaushinda wa kushoto, damu isiyo na oksijeni inageuza njia na kuingia mwilini kupitia tundu lile lile, na midomo ya mtoto inaanza kuwa ya samawati. Daktari Victor Eisenmenger alieleza hali hii mwaka 1897 na mpaka leo inabeba jina lake. Mtoto akishafika hapo, kuliziba tundu ni kumdhuru, maana limekuwa ndilo pumzi ya upande wa kulia wa moyo. Upasuaji ambao mwaka mmoja nyuma ungempa maisha ya kawaida sasa unaweza kumuua mezani au muda mfupi baadaye. Ndiyo maana tundu kubwa la aina hii hutakiwa kuzibwa ndani ya mwaka wa kwanza, na kwa watoto wenye hali ya Down mapema zaidi, kwa kuwa mapafu yao huharibika haraka.

Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kila barua ni hili: mlango wa tiba wa mtoto huyu unafungwa lini? Baada ya hapo ndipo uulize anaumwa kiasi gani leo. Maswali haya mawili hayatoi jibu moja kila mara.

Tuone linavyofanya kazi. Nitengeneze mfano wa barua nne zilizo mezani asubuhi moja, na nafasi ya eko iliyobaki wiki hii ni moja tu. Watoto hawa ni wa mfano, lakini kila anayefanya kazi hii amewaona mara nyingi.

Barua ya zamani kuliko zote ni ya mvulana wa miaka sita. Ina miezi mitano kwenye faili. Sauti ya ziada moyoni, anacheza mpira, uzito unalingana na umri, oksijeni ya damu asilimia 98. Ya pili ni ya msichana wa miezi minne. Alizaliwa na kilo 3, sasa ana kilo 4 na gramu 100, anapumua mara 66 kwa dakika, anatoka jasho akinyonya, oksijeni 96. Ya tatu ni ya mvulana wa miezi kumi na moja mwenye hali ya Down. Barua inasema alikuwa akihema sana na kuugua nimonia mara kwa mara, ila miezi miwili iliyopita amepata nafuu na ameanza kuongezeka uzito. Oksijeni 91. Ya nne imeingia jana jioni: mtoto wa siku tisa, ananyonya vizuri, oksijeni mkononi 76.

Huyu wa nne tumtoe kwanza kwenye hesabu, kwa sababu hapaswi kuwa kwenye orodha yoyote. Mtoto wa siku tisa mwenye oksijeni 76 ni wa kupigiwa simu saa hiyo hiyo, alazwe pale alipo, na safari ipangwe leo. Pengine anaishi kwa mshipa mdogo aliokuwa akiutumia tumboni mwa mama, ambao kwa kawaida hufunga siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, na ukimalizika kufunga, naye amekwisha. Kuna dawa ya kuuweka wazi, prostaglandini, inayotolewa kwa dripu mfululizo. Kwamba ananyonya vizuri haina maana yoyote hapa, na ndilo neno linalowadanganya wengi.

Mvulana wa miaka sita anasubiri. Barua yake ni ya kwanza kwa tarehe na ya mwisho kwa haki. Huenda sauti ile ni ya kawaida ya utotoni, huenda ni tundu la ukuta wa juu. Kwa vyovyote miezi mitatu zaidi haitamwondolea kitu. Anachostahili ni kupewa tarehe ya kweli na mzazi wake kuambiwa kwa nini, na dalili zipi zikitokea apige simu.

Wamebaki wawili, na nafasi ni moja. Wengi wangemchukua msichana wa miezi minne. Anahema, amekonda, ukimwona unashikwa na hofu. Mimi nampa nafasi ya wiki hii mvulana wa miezi kumi na moja, anayeonekana ana nafuu.

Sababu ni hii. Msichana ana moyo uliolemewa, na moyo uliolemewa unaweza kusaidiwa bila kumwona bingwa wa moyo. Daktari wa watoto wa hospitali ya mkoa anaweza kumlaza, kumwanzishia dawa ya kupunguza maji mwilini, kumpa maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa mpira wa puani ili asichoke kwa kunyonya, na kuiwahi nimonia kabla haijakomaa. Simu moja yenye maelekezo inaanza kazi hiyo mchana huu, mapema kuliko basi lolote litakavyomfikisha Dar es Salaam. Mapafu yake bado yana miezi kadhaa. Anawekwa wiki ijayo, si mwezi ujao, na akizidiwa anavushwa. Mvulana hana dawa itakayomsubirisha. Oksijeni yake ya 91, kwa mtoto ambaye zamani alikuwa akihema na sasa hahemi, inaniambia damu imeanza kugeuza njia. Inawezekana mlango bado una upenyo, inawezekana umefungwa jana. Kitu pekee kitakachotuambia ni eko, na pengine baada ya hapo mrija wa kuingizwa kwenye moyo kupima msukumo wa mapafuni. Kila wiki inayopita inamhamisha kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kwa hiyo ugumu wa kupanga orodha unapungua ukitenganisha kile kinachomhitaji bingwa na kile kinachoweza kufanywa na mwingine. Kliniki inayodhani kazi yake ni kuona watoto tu itajikuta inachagua kati ya watoto hawa wawili. Iliyo na nesi mwenye simu, muda na daktari wa kumuuliza haitahitaji kuchagua kwa ukali huo.

Yote haya yanategemea barua kuwa na taarifa. Nyingi hazina. Nimezoea kusoma barua yenye mstari mmoja: mtoto ana tatizo la moyo, tunaomba uchunguzi zaidi. Barua hiyo haipangiki, na mtu akiiweka kwa tarehe si kwamba ni mvivu, hana cha kushika. Vinavyohitajika ni vichache: tarehe ya kuzaliwa, uzito wa miezi mitatu ya mwisho kama ulivyo kwenye kadi, idadi ya pumzi kwa dakika akiwa ametulia, jinsi anavyonyonya, kama ana dalili za hali ya Down, na oksijeni kwa oksimita, kile kifaa kinachobanwa kidoleni. Muhimu zaidi ni historia ya kuhema: kulianza lini, na kama kumeisha, kumeisha lini. Kwenye kadi ya kliniki utaiona hadithi yote kwa macho, mstari uliopanda, ukalala miezi minne, kisha ukapanda tena ghafla bila tiba. Mstari wa namna hiyo unanitisha kuliko ule uliolala moja kwa moja.

Oksimita nayo isiachwe kwa kisingizio kwamba mtoto haonekani wa samawati. Jicho ni kipimo dhaifu. Rangi ile hujitokeza pale damu yenye upungufu wa oksijeni inapofika kiasi fulani, na mtoto mwenye upungufu wa damu, ambao kwetu wamejaa kwa sababu ya malaria na lishe, anaweza kuwa na oksijeni ya 80 na midomo ikabaki imepauka tu. Kwa ngozi nyeusi mahali pa kuangalia ni ulimi na fizi, na hata hapo jicho hukosea. Mtoto kama huyo akiwa na kasoro ile inayoitwa tetralojia ya Fallot, ambayo ni kasoro nne za moyo zinazokuja pamoja, yuko hatarini maradufu, maana upungufu wa madini ya chuma unamwongezea vipindi vya kukosa hewa ghafla, ambavyo humfanya achuchumae, alie na hata azimie. Barua ikisema mtoto anachuchumaa akikimbia na aliwahi kuzimia, haisubiri zamu.

Narudi kwa hofu ya kujuana, kwa sababu haijajibiwa. Ukiachana na tarehe, ni lazima uweke kitu kingine kinachoonekana na kila mtu. Napendekeza vigezo viandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani pale wazazi wanapokaa: nani huonwa leo, nani ndani ya wiki, nani ndani ya mwezi, nani ndani ya miezi mitatu, na kwa nini. Kila jina kwenye orodha liandikiwe sababu ya kuwekwa kundi hilo na sahihi ya aliyeliweka. Ndani ya kundi moja tarehe ya barua ndiyo iamue, na hapo isivunjwe na mtu yeyote. Mkubwa akipiga simu kumwombea mjukuu wa rafiki, nesi ana cha kumwonyesha. Tarehe peke yake kamwe haikuwazuia wakubwa. Walikuwa wanaingia kwa mlango wa nyuma, na hakuna aliyeweza kusema walimruka nani.

Kuna upendeleo mwingine ambao hauna simu wala bahasha, nao ni nauli. Nafasi ikifunguka kesho kwa sababu mtoto fulani ana homa, anayeitwa ni anayeweza kufika kesho, yaani wa Temeke au Kibaha. Wa Kigoma anaombwa asubiri. Ukifanya hivyo mwaka mzima, orodha ya mahitaji inageuka kuwa orodha ya umbali. Dawa yake si ngumu: nafasi za watoto wa mbali zipangwe mapema na zisiguswe, idara ya ustawi wa jamii ihusishwe siku barua inaposomwa, na nafasi za ghafla ziende kwa makundi ya wanaoweza kusubiri, ambao kucheleweshwa au kuwahishwa hakubadilishi kitu.

Orodha pia isomwe upya. Mtoto aliyewekwa kundi la mwezi akiwa na wiki tano si yule yule akiwa na miezi minne. Mara moja kila wiki mbili mtu apige simu kwa wazazi wa watoto walio chini ya mwaka mmoja na kuuliza mambo matatu: uzito wa mwisho, anavyonyonya, na kama kuhema kumebadilika. Jibu la kwamba kumeisha limpandishe mtoto juu ya orodha siku hiyo. Najua simu zinakatika, namba zinabadilika, na nesi ana kazi nyingine kumi. Basi barua ichukue namba mbili, ya mzazi na ya mhudumu wa afya wa kijiji.

Mahali ambapo sina jibu la kuridhisha ni kwenye kambi za upasuaji, pale timu ya wageni inapokuja kwa wiki moja na vitanda vya uangalizi maalumu ni vile vile vichache. Mtoto mwenye kasoro ngumu anaweza kulala kwenye kitanda hicho siku kumi. Wenye matundu ya kawaida hulala siku moja au mbili. Ukimchukua mmoja mgumu, watoto watatu au wanne wanarudi nyumbani bila kufanyiwa, na kati yao wamo wale ambao mapafu yao yanajifunga. Nimeshawishika kwamba wale watatu wanapaswa kutangulia, mradi milango yao ndiyo iko karibu kufungwa, na mgumu apelekwe mwisho wa wiki ambapo kitanda kitabaki wazi baada ya wageni kuondoka na wenyeji wakaweza kumhudumia. Lakini mama wa mtoto yule mgumu anastahili kuambiwa uso kwa uso na daktari aliyeamua, kabla ya kambi kuanza.

Na wale ambao mlango umekwisha kufungwa wasipotee. Jina linatoka kwenye orodha ya upasuaji, lakini mtoto anabaki wa kliniki: anahitaji kuelezwa hatari ya kupungukiwa maji anapoharisha, dawa za kushusha msukumo wa mapafuni pale zinapopatikana, na binti akikua, ushauri wa wazi kuhusu hatari ya ujauzito. Kwenye faili lake iandikwe pia siku barua yake ya kwanza ilipoandikwa, siku ilipofika kliniki, na siku alipopimwa eko, ili kikao cha kila mwezi kione ni katika hatua ipi kati ya hizo tatu miezi yake ilipotea.